Neno "Safi" Halitoshi: Mkasi wa Kitovu na Mikono ya Muuguzi

Mwanafunzi wa uuguzi katika nchi yetu husoma vitabu vyake kwa Kiingereza na mtihani wake huufanya kwa Kiingereza. Lakini akishavaa sare na kuingia wodini, sehemu kubwa ya kazi yake huifanya kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili humwagiza mhudumu anayeosha vyombo, humpokea mama aliyeshikwa na uchungu, na humwelekeza ndugu aliyekuja na uji wa mgonjwa. Hapo ndipo neno moja dogo linapoweza kumponza, nalo ni neno "safi". Sahani iliyooshwa ni safi, shuka lililofuliwa ni safi, na mkasi uliosuuzwa nao huitwa safi. Mwenye kuagiza hudhani amesema jambo moja, na mwenye kuagizwa akasikia jingine.

Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya vijana wa Mabawa na vitongoji vingine vya Tanga wanaojiandaa kwa kazi ya uuguzi, pamoja na wazazi wanaowalipia karo. Tutaeleza tofauti iliyomo ndani ya neno hilo, na jinsi tofauti hiyo inavyoweza kuwa uhai au mauti. Tutaanza na tukio lililoandikwa katika kumbukumbu za afya za ulimwengu mzima, nalo lilitokea katika hospitali ya misheni ya Kikatoliki.

Mabomba matano ya sindano

Mwaka 1976, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, palikuwa na hospitali ya misheni katika kijiji cha Yambuku. Ilikuwa na vitanda 120, na wahudumu wake 17 walikuwa masista Wabelgiji pamoja na wauguzi wenyeji. Watu walitoka mbali kuifuata, kwa sababu dawa zilipatikana na wahudumu walikuwa na moyo wa kazi.

Kila asubuhi hospitali hiyo ilitoa mabomba matano ya sindano. Hayo matano ndiyo yaliyotumika kwa wagonjwa wa nje, kwa waliolazwa, na kwa kina mama waliokuja kliniki ya wajawazito. Baada ya kumchoma mgonjwa mmoja, muuguzi alilisuuza bomba na sindano yake katika karai la maji ya uvuguvugu, kisha akamchoma anayefuata. Jioni, mara nyingine, mabomba hayo yalichemshwa.

Mwezi Septemba mwaka huo ukazuka ugonjwa ambao haukuwa na jina. Baadaye uliitwa Ebola, kwa jina la mto ulioko katika eneo lile. Wachunguzi waliofika walihesabu wagonjwa 318, na kati yao 280 walifariki. Katika wagonjwa 288 ambao njia yao ya kuambukizwa ilijulikana, 85 walikuwa wamechomwa sindano katika hospitali hiyo. Walioambukizwa kwa njia ya sindano pekee, hakuna aliyepona. Wanawake vijana waliugua kwa wingi, na wachunguzi walilihusisha jambo hilo na mahudhurio yao ya kliniki, hasa kliniki ya wajawazito. Kati ya wahudumu wale 17, 11 walifariki, wakiwemo masista, na hospitali ikafungwa.

Hatusimulii haya ili kuwalaumu marehemu. Walikuwa na mabomba machache na wagonjwa wengi, tena walikufa wakihudumia. Tunayasimulia kwa sababu yanaonyesha kwa uwazi mahali kosa lilipokaa. Bomba lililosuuzwa kwa maji ya uvuguvugu lilionekana safi kwa macho, na damu haikuonekana tena. Lakini tone dogo mno kuonekana, likibaki ndani ya tundu la sindano, linatosha kubeba ugonjwa kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Kusuuza kuliondoa rangi ya damu, na hatari ikabaki palepale.

Ngazi tatu, maneno matatu

Ndiyo maana tunawashauri wanafunzi waliweke kando neno "safi" wanapozungumzia vifaa, watumie maneno matatu badala yake, kila moja na mipaka yake.

La kwanza ni kusafisha. Maana yake ni kuondoa kinachoonekana: damu, makamasi, usaha, mafuta na vumbi, kwa maji, sabuni na brashi. Kusafisha hupunguza vijidudu kwa kiasi kikubwa, kwa sababu huondoka pamoja na uchafu, lakini hakuvimalizi.

La pili ni kuua vijidudu, kwa dawa au kwa maji yanayochemka. Hapa vingi hufa, vikiwemo virusi na bakteria wengi. Hata hivyo vipo vinavyosalia. Bakteria wa pepopunda, kwa mfano, anapoona hali ni ngumu hujifungia ndani ya gamba gumu na kulala humo kama mbegu kavu ardhini. Akiwa katika hali hiyo anaweza kustahimili maji yanayochemka. Akiingia katika kidonda huamka, na huanza kutoa sumu yake.

La tatu ni kutakasa. Kifaa kilichotakaswa hakina kijidudu chochote kilicho hai, hata kile kilichojifungia katika gamba. Hapa hakuna nusu wala robo: kifaa ama kimetakaswa, ama hakikutakaswa. Mwanafunzi akitafuta neno hili katika kamusi anaweza kukutana na neno "tasa", ambalo kwetu humaanisha asiyezaa. Asilitumie mbele ya mgonjwa, kwa maana mama akiambiwa kwamba mkasi ni tasa atashtuka au atacheka, na katika hali zote mbili hatakuwa ameelewa.

Kifaa kihitaji ngazi ipi? Inategemea kinakwenda wapi. Kinachogusa ngozi nzima tu, kama mkanda wa kupimia presha, kinatosheka na ngazi ya kwanza, na dawa huongezwa pale kinapoingiwa na damu. Kinachogusa utando laini wa mwili, kama ule wa mdomoni au wa ukeni, kisiwe chini ya ngazi ya pili. Kinachoingia katika damu au katika nyama iliyo wazi ni lazima kifike ngazi ya tatu. Bomba la sindano la Yambuku lilikuwa la ngazi ya tatu, lakini wakati wa mchana lilioshwa pungufu hata ya ngazi ya kwanza.

Safari ya mkasi wa kitovu

Siku hizi bomba la sindano hutumika mara moja na kutupwa ndani ya kisanduku cha vitu vyenye ncha kali. Lakini vifaa vingi bado hutumika tena na tena: mikasi, koleo, vifaa vya kushonea majeraha, vyombo vya kujifungulia. Tuufuate mkasi mmoja uliokata kitovu cha mtoto katika zahanati, tuone unavyorudi salama kwa mtoto wa pili.

Safari huanzia palepale kitandani. Damu isiachwe ikauke juu ya mkasi, maana ikikauka hushika kama gundi. Muuguzi aufute kwa kitambaa chenye maji, auweke katika chombo chenye mfuniko, na ubaki na unyevu mpaka ufikishwe mahali pa kuoshea. Wauguzi wa miaka iliyopita walifundishwa kuvitumbukiza vifaa vyote katika maji ya klorini kwa dakika 10 kabla ya kuviosha. Katika mwongozo wake wa mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani halipendekezi tena hatua hiyo. Klorini hula chuma na kukitia kutu, nayo damu hudhoofisha klorini, hivyo mwoshaji hudhani kifaa kimeshakuwa salama wakati sivyo. Wakunga wazee wana haki ya kushangaa, lakini sababu ndiyo hiyo: uchafu huimaliza nguvu dawa kabla dawa haijawafikia vijidudu.

Mwoshaji avae glavu nene za mpira, aproni na kinga ya macho. Maji yawe ya baridi au ya uvuguvugu, yenye sabuni. Maji ya moto sana huiva pamoja na damu, kama ute wa yai unavyoganda katika kikaango, na damu iliyoganda hung'ang'ania chuma. Mkasi ufunguliwe wazi, na kiungo chake kisuguliwe kwa brashi ndani ya maji, siyo juu yake, ili matone yasimrukie mwoshaji usoni. Kiungo hicho ndicho mahali panaposahauliwa kuliko pengine popote. Kisha mkasi usuuzwe, ukaushwe, na utazamwe kwenye mwanga. Ukionekana na doa, unarudi mwanzo.

Hapa ipo kanuni moja ambayo mwanafunzi akiishika ameshika nusu ya somo: kisichosafishwa hakitakasiki. Tabaka la damu kavu huwafunika vijidudu kama blanketi, na mvuke unaogusa blanketi hauwagusi waliolala chini yake.

Baada ya hapo mkasi, ukiwa bado wazi, hufungwa katika vitambaa viwili, huandikwa tarehe, na huingizwa katika mashine ya mvuke ambayo wauguzi huiita otoklevu. Kazi yake inafanana na ya sufuria la kupikia lenye mfuniko unaokazwa. Mvuke ukizuiwa usitoke, shinikizo hupanda, na joto hupita nyuzi 100. Kwa mkasi uliofungwa katika kitambaa, joto lifike nyuzi 121 na likae hapo dakika 30. Dakika hizo huanza kuhesabiwa joto likishafika, siyo mashine ilipowashwa. Mwenye kuhesabu tangu alipowasha ametoa kifaa ambacho hakikukaa muda unaotakiwa katika joto linalotakiwa.

Mambo mawili huharibu kazi hii hata mashine ikiwa nzima. La kwanza ni hewa. Hewa isipotolewa kwanza, hubaki imefungiwa ndani pamoja na mvuke. Saa ya shinikizo itaonyesha namba inayotakiwa, lakini joto litakuwa chini. Kwa hiyo msimamizi asome kipimajoto pia, wala mashine isijazwe kama daladala ya jioni, kwa maana mvuke unahitaji njia ya kupita kati ya vifurushi. La pili ni maji. Kifurushi kikitolewa kikiwa na unyevu na kuwekwa mezani, maji hufanya njia katika nyuzi za kitambaa, na vijidudu vya mezani hupita njia hiyo mpaka kwenye mkasi. Kifurushi chenye unyevu kihesabiwe kuwa hakikutakaswa.

Je, tutajuaje kwamba kazi imefanyika? Ile gundi ya karatasi inayofunga kifurushi hutoa mistari myeusi baada ya kupata joto. Wengi huiona mistari hiyo wakaridhika. Lakini mistari inasema tu kwamba kifurushi kimepita katika mashine. Haisemi kilichotokea katikati yake. Kwa hiyo huwekwa karatasi nyingine ya kipimo ndani ya kifurushi, na mara kwa mara huwekwa kichupa chenye bakteria wagumu kuliko wote kwa joto la mvuke. Kichupa kikitoka na bakteria wote wamekufa, mashine inafanya kazi. Wakiota, vifaa vyote vya mzunguko ule vinarudishwa.

Kuchemsha, hapa pwani na kule Usambara

Wapo wanaouliza: zahanati isiyo na mashine ichemshe tu? Kuchemsha kwa dakika 20, vifaa vikiwa vimezama kabisa na bila kuongeza kingine katikati, ni kuua vijidudu kwa kiwango cha juu. Bado si kutakasa, kwa sababu ya wale wenye gamba.

Mkoa wetu unatupa mfano mzuri wa jambo hili. Hapa Mabawa, karibu na usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ukipanda milima ya Usambara mpaka Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kuongeza kuni hakusaidii kitu: maji yatatokota kwa fujo zaidi, lakini joto litabaki lilelile. Kutokota si kipimo cha joto. Ndiyo maana muuguzi aliyezoea pwani akipangiwa kazi milimani hapaswi kutegemea macho, na ndiyo maana mashine yenye shinikizo ina thamani kubwa zaidi kadiri mtu anavyopanda.

Turudi kwa yule mtoto. Mkasi uliochemshwa tu unaweza kuwa na pepopunda katika kiungo chake. Kitovu kilichokatwa ni kidonda kibichi. Siku chache baada ya kuzaliwa, mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri hushindwa kufungua kinywa, kisha mwili wake hukakamaa kila anapoguswa. Chanjo anayopewa mama wakati wa ujauzito humkinga mtoto, lakini si kila mama anayefika kujifungua amekwisha kuipata. Mkasi ndio kinga ambayo iko mikononi mwa muuguzi mwenyewe.

Mikono haitakasiki

Tangu wakati wa Korona sote tumezoea kusikia "vitakasa mikono". Ni jina zuri sokoni, lakini kwa mwanafunzi wa uuguzi linahitaji tahadhari. Ngozi hai haiwezi kutakaswa kama chuma. Wapo vijidudu wanaoishi ndani ya ngozi daima, na wapo wageni wanaopandia juu yake tunapogusa wagonjwa na vitu. Tunachoweza ni kuwaondoa wale wageni, na usalama huo hudumu mpaka mguso unaofuata. Kwa sababu hiyo swali la maana zaidi si "umenawa?" bali "umenawa lini?"

Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji vifaa vilivyotakaswa, baada ya kugusa au kuweza kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Ule wa mwisho ndio unaopotea. Muuguzi amesogeza chandarua cha kitanda cha kwanza, amerekebisha shuka, hakumgusa mgonjwa mwenyewe. Anakwenda kitanda cha pili na kubadilisha bandeji ya mshono. Kwa mawazo yake mikono bado ni safi, kwa kuwa hakumshika mtu. Lakini shuka lilikuwa na usaha uliokauka, na sasa uko kwenye mshono wa mwingine.

Dawa ya kusugulia yenye spiriti hutumika kwa sekunde 20 hadi 30, ikipita viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, vidole gumba na ncha za kucha, mpaka mikono ikauke yenyewe. Hufaa sana pale maji yanapokatika. Lakini mikono yenye uchafu unaoonekana inahitaji sabuni na maji yanayotiririka, na kazi yote ichukue sekunde 40 hadi 60, kwa sababu ileile tuliyoitaja kwenye mkasi: uchafu huizuia dawa. Tena spiriti haiwaui wale wenye gamba. Sabuni na maji angalau huwaondoa. Karai la pamoja la kunawia, ambalo kila mmoja anatumbukiza mikono, ni ndugu wa karai la Yambuku. Ndoo yenye koki ni bora kuliko karai zuri.

Na glavu? Glavu huwa na vitundu visivyoonekana, na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Kwa hiyo mikono inawe kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua, na jozi moja isihudumie wagonjwa wawili. Muuguzi anayezunguka wodi nzima na glavu zilezile amejikinga yeye, na amewaacha wagonjwa bila kinga.

Anachoweza kuona mgonjwa

Mgonjwa haruhusiwi kuingia chumba cha mashine, lakini yapo mambo anayoweza kuyaona akiwa kitandani. Kifurushi cha vifaa kifunguliwe mbele yake, kikiwa kikavu, kizima, chenye tarehe na mistari ya gundi. Bomba la sindano litolewe katika karatasi yake wakati uleule. Muuguzi anawe au asugue mikono kabla ya kumgusa, hata kama amekuja akiwa amevaa glavu.

Asipoyaona, aulize kwa adabu. Bibi aliyemsindikiza mkwewe anaweza kusema: "Samahani mwanangu, mikono umekwisha kunawa?" Tunawaambia wanafunzi wasilione swali hilo kuwa dharau. Jibu lake ni fupi: "Ahsante bibi, ngoja ninawe mbele yako." Kisha anawe, hata kama alinawa muda mfupi uliopita, kwa kuwa katika muda huo amekwisha kushika kitasa cha mlango.